Somo la Afya: Mbwa Akikuuma, Osha Jeraha na Uhesabu Siku



Katika toleo hili tunasoma juu ya jeraha la kuumwa na mbwa, na juu ya ugonjwa unaoweza kuingia kwa jeraha hilo. Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa, ambao kwa Kinyarwanda twauita ibisazi by'imbwa. Sisi tunaokaa Kanzenze na sekta za jirani katika wilaya ya Rubavu tunaupata mlangoni petu. Mchumaji wa chai anatoka nyumbani kabla ya jua, anapita njia za vilimani ambako mbwa bado wanazurura. Mlinzi wa kiwanda anakesha na mbwa usiku kucha. Na mbwa wa huku hawajui mpaka: anayezurura Goma leo, kesho yuko Gisenyi.

Ugonjwa huu hauna dawa ukishaonyesha dalili. Mtu akianza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hospitali haina la kumfanyia ila kumpunguzia maumivu, naye hufa baada ya siku chache. Lakini kabla ya dalili ugonjwa unazuilika kabisa, kwa mambo matatu: kuosha jeraha, kupata chanjo kwa siku zake zote, na kupata seramu ikiwa ngozi imepasuka. Katika mambo hayo, lile linalotushinda mara nyingi sisi wafanyakazi ni kumaliza siku za chanjo. Sababu yake mara nyingi si ujinga, ni mshahara. Basi tulieleze somo hatua kwa hatua, kisha tufike huko.

Ugonjwa unavyotembea mwilini

Kijidudu cha kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Jino likipasua ngozi, mate huingia ndani ya nyama. Hapo kijidudu hakikimbilii damu kama vijidudu vingi vingine. Hutafuta mshipa wa fahamu, kisha hupanda polepole kufuata mshipa huo mpaka kwenye ubongo. Kikifika ubongoni, dalili zinaanza.

Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa wiki chache tu, na mara chache hufika mwaka mmoja au kupita. Aliyeumwa usoni, shingoni au mkononi yumo katika hatari ya haraka zaidi, kwa sababu usoni na shingoni njia ya kwenda ubongoni ni fupi, na mkononi mishipa ya fahamu ni mingi.

Ukielewa safari hiyo utaelewa matibabu yote. Kuosha ni kukiondoa kijidudu pale mlangoni kabla hakijaupata mshipa. Chanjo ni kuufundisha mwili kutengeneza askari wake wenyewe, na kazi hiyo huchukua kama siku 7 hadi 14. Seramu ni askari waliokwisha kutengenezwa tayari, wanaowekwa palepale jerahani ili walinde mlango wakati mwili bado unajifunza. Ndiyo maana jeraha lililokauka na kupona juu haliwezi kukuambia kwamba umepona. Ngozi inafunga huku kijidudu kiko safarini.

Hatua ya kwanza: maji na sabuni, dakika 15

Kijidudu hiki kimevikwa koti la mafuta. Sabuni huyeyusha mafuta, kama inavyoyeyusha mafuta ya sufuria, na koti likiyeyuka kijidudu kinakufa. Kwa hiyo sabuni yoyote yafaa, hata ya kufulia. Huna haja ya kungoja dawa ya hospitali.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la muda. Mtu anamwaga maji kidogo, anafuta damu, anasema ameosha. Dakika zinazotakiwa ni 15, na maji yawe yanatiririka juu ya jeraha. Kama hakuna bomba, chukua jerikani ya lita 20 iliyojaa maji safi, na mwenzako amimine kwa kikombe polepole, huku wewe unapaka sabuni na kusugua kwa vidole ndani ya kila tundu la jino. Jerikani hiyo ikimiminwa vizuri itadumu dakika 15. Ikiisha mapema, mliharakisha. Jazeni nyingine muendelee. Anayesaidia aoshe mikono yake pia kwa sabuni baada ya kazi.

Baada ya kuosha, paka dawa ya ayodini kama ipo katika sanduku la huduma ya kwanza. Kisha liache jeraha wazi, au lifunike kwa kitambaa safi bila kukaza. Usipake pilipili, majivu, mafuta, majani wala samadi. Vitu hivyo huchubua nyama na kuleta usaha, wala havimuui kijidudu. Usilikaze jeraha kwa kamba na usilichome moto.

Hata hospitalini jeraha la kuumwa halishonwi upesi, maana sindano ya kushonea yaweza kusukuma mate ya mbwa ndani zaidi. Kama ni lazima lishonwe, kwa mfano shavu lililopasuka, seramu huwekwa kwanza, ndipo kushona kukafuata. Mganga atauliza pia habari za chanjo ya pepopunda, na aweza kutoa dawa ya kuzuia usaha. Hayo ni mambo tofauti na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu aliyepigwa sindano ya pepopunda peke yake asirudi nyumbani akidhani amekwisha kuchanjwa.

Kupima jeraha

Mganga hupanga majeraha katika mafungu matatu, nasi yafaa tuyajue.

Fungu la kwanza ni mtu aliyemgusa au kumlisha mnyama, au aliyelambwa kwenye ngozi nzima isiyo na mkwaruzo. Huyu anaosha mahali pale, hahitaji chanjo.

Fungu la pili ni mkwaruzo mdogo au ngozi iliyobanwa na meno bila kutoa damu. Huyu anahitaji kuosha na chanjo.

Fungu la tatu ni ngozi iliyopasuka, hata kwa tundu moja tu la jino, au mate yaliyoingia katika kidonda, jichoni au mdomoni. Huyu anahitaji kuosha, chanjo na seramu.

Angalieni kwamba ukubwa wa jeraha si ndio unaoamua. Tundu dogo kama la mwiba, likitoka damu, limo katika fungu la tatu. Na mtoto hulambwa mdomoni au kukwaruzwa asiseme, kwa kuogopa kuchapwa. Wazazi tumuulize bila kumtisha.

Si mbwa peke yake. Paka naye huuma na kuambukiza. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mgonjwa hupata ugonjwa, akatokwa na mate mengi na kushindwa kumeza. Wenzetu wachungaji wa upande wa Gishwati hudhani kitu kimemkwama kooni, wakaingiza mkono mdomoni kukitafuta. Mkono wenye mchubuko ukiingia humo, mtu huyo yumo katika fungu la tatu.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mama mchumaji wa chai, tuliyemtunga kwa ajili ya somo hili. Uzito wake ni kilo 50. Siku ya Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi yuko njiani kwenda shambani. Mbwa asiyejulikana anatoka kichakani bila kubweka, anamuuma mguuni chini ya goti, kisha anakimbia. Yako matundu manne, mawili yanatoka damu.

Wenzake wanampeleka kwenye nyumba ya jirani. Wanamwosha dakika 15 kwa sabuni. Mmoja anapiga simu kwa mnyapara kueleza, mwingine anamsindikiza kituo cha afya. Kutoka hapo, akihitajika kupelekwa mbele, anaandikiwa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya, ambayo kwetu ni Hospitali ya Gisenyi. Asiondoke bila karatasi hiyo, maana mwenye bima ya mutueli hupita kwanza kituo cha afya.

Damu imetoka, kwa hiyo yumo katika fungu la tatu. Mbwa hajulikani, kwa hiyo hakuna wa kumtazama. Watu wengine husema, "Mbwa amepotea, tungoje tuone." Huko ni kugeuza mambo. Mbwa aliyepotea ndiye sababu ya kwenda siku ileile.

Hospitalini anaanzishiwa chanjo siku hiyo ya Jumatatu. Hapa ndipo hesabu inapoanza, na hapa ndipo watu wanapopotea.

Kuhesabu siku

Siku ya sindano ya kwanza inaitwa siku ya 0. Haiitwi siku ya 1. Ukiandika Jumatatu kuwa ni siku ya 0, basi Jumanne ni ya 1, Jumatano ya 2, na Alhamisi ni ya 3. Jumatatu inayofuata ni siku ya 7. Mtu akianza kuhesabu Jumatatu kuwa ni 1, siku ya 3 itamwangukia Jumatano, na ya 7 itamwangukia Jumapili, afike akute mlango wa chanjo umefungwa.

Ziko namna mbili kubwa za kuchanja zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018.

Namna ya kwanza ni ya ndani ya ngozi. Kila siku ya chanjo mgonjwa anachomwa mahali pawili, kwa kawaida mkono wa kulia na wa kushoto, kila mahali mililita 0.1 tu. Siku zake ni 0, 3 na 7. Kwa mama yetu ni Jumatatu, Alhamisi na Jumatatu. Ikiingia vizuri, ngozi huvimba kidogo juu kama ganda la chungwa. Pasipovimba, mwuguzi huchoma tena mahali pengine karibu na hapo, kwa sababu dawa imepita chini ya ngozi.

Namna ya pili ni ya ndani ya msuli. Kila mara mgonjwa anapewa chupa nzima ya chanjo, mahali pamoja. Siku zake ni 0, 3 na 7, na sindano ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Kwa mama yetu, siku ya 14 ni Jumatatu ya tatu. Ziko hospitali zinazotoa sindano tano, za siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Ratiba yako ni ile iliyoandikwa katika kadi yako, si ile aliyopewa jirani.

Kwa mtu mzima chanjo ya msuli hupigwa begani. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2 hupigwa pajani kwa mbele. Haipigwi matakoni, kwa kuwa mafuta ya huko huizuia dawa isifanye kazi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa heshima akiona sindano inaelekezwa huko.

Wazee wetu wanakumbuka sindano nyingi za tumboni, kila siku, hata 14 au 21. Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani iliyotengenezwa kwa ubongo wa wanyama, na Shirika la Afya Duniani halikubali tena itumike. Chanjo ya leo ni nyingine. Huacha maumivu kidogo mahali pa sindano, labda homa ndogo au kichwa kuuma siku moja. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanapewa, na mtoto mchanga pia. Mwenye ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili amwambie mganga faraghani, kwa sababu yeye huhitaji uangalizi zaidi, na seramu hata kama jeraha ni la fungu la pili. Aliyewahi kuchanjwa zamani aje na kadi yake ya zamani, maana ratiba yake ni fupi na hahitaji seramu.

Seramu inawekwa wapi

Seramu haipigwi begani. Huingizwa ndani ya jeraha lenyewe na pembeni mwake, kila tundu la jino, hata kama inauma. Kipimo chake hufuata uzito. Ile iliyotokana na damu ya binadamu ni yuniti 20 kwa kila kilo. Ile iliyotokana na damu ya farasi ni yuniti 40 kwa kila kilo. Mama yetu mwenye kilo 50 asizidishe yuniti 1,000 za kwanza, au 2,000 za pili. Hicho ni kipimo cha juu. Matundu yake manne ya mguuni yakijaa kabla ya kufika kipimo hicho, inatosha.

Seramu hutolewa mara moja tu, siku ya 0. Isipopatikana siku hiyo, yaweza kutolewa mpaka siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo haihitajiki, kwa sababu mwili wenyewe umeanza kutoa askari wake. Ni dawa ya ghali, na mara nyingine haipo. Ikikosekana, usirudi nyumbani na usingoje ipatikane. Jeraha lililooshwa vizuri, na chanjo iliyoanza siku ileile na kumalizwa, humwokoa mtu hata pale seramu ilipokosekana.

Mbwa akijulikana

Tubadilishe mfano kidogo. Mbwa aliyemuuma mama ni wa jirani, yuko nyumbani kwake. Watu wengi hukimbilia kumpiga na kumuua. Afadhali afungwe kwa usalama, apewe chakula na maji, na mganga wa mifugo wa sekta aarifiwe. Mbwa huyo atazamwe siku 10. Kwa nini 10? Kwa sababu mbwa anayetoa kijidudu katika mate amekwisha kufikiwa ubongoni, na mbwa wa namna hiyo ataugua wazi na kufa ndani ya siku hizo. Akipita siku 10 akiwa mzima, akila na kunywa kama kawaida, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Kipimo hiki ni cha mbwa na paka tu.

Lakini chanjo ya mtu haingoji siku hizo 10. Inaanza siku ileile. Angalieni hesabu: kwa namna ya ndani ya ngozi, sindano ya mwisho ni siku ya 7, kabla hata mbwa hajamaliza muda wake. Faida ya kumtazama mbwa huonekana kwa namna ya msuli. Mbwa akiwa mzima siku ya 10, mganga aweza kuzifuta sindano za siku ya 14 na ya 28. Anayefuta ni mganga, si mgonjwa wala mwenye mbwa.

Cheti cha chanjo cha mbwa nacho kisitufanye tukae nyumbani. Kionyeshwe kwa mganga, yeye ataamua. Na mbwa akifa au akiuawa, asitupwe mtoni, wala asishikwe kwa mikono mitupu. Mganga wa mifugo aitwe kwanza, kwa sababu ugonjwa hupimwa kwenye ubongo, na kichwa kilichopondwa kwa mawe hakipimiki.

Siku za sindano na siku za kazi

Sasa turudi kwa mama yetu. Jumatatu ya kwanza alisindikizwa na watu wote wakamhurumia. Alhamisi yuko peke yake. Mguu hauumi tena. Mchumaji hulipwa kwa kilo za majani anazopima jioni. Akienda hospitali Alhamisi, hana kilo, na akiwa hana kilo hana fedha, tena ana nauli ya kulipa. Anafikiri, "Nitakwenda Jumamosi nikipumzika." Jumamosi anaambiwa arudi Jumatatu, kwa sababu chupa moja ya chanjo ya ndani ya ngozi ikishafunguliwa hutumika kwa saa chache tu, nao hukusanya wagonjwa siku moja ili isimwagwe. Hivyo ndivyo chanjo inavyokatika katikati, bila mtu kukataa kuchanjwa.

Kwa hiyo sisi wa chama tunaliona jambo hili kuwa la kazi, si la hospitali peke yake. Tunashauri mambo haya yafanyike katika kila shamba na kiwanda.

Kwanza, siku ileile ya kuumwa, mjumbe wa wafanyakazi aandike ajali katika daftari: jina, saa, mahali, mnyama, walioona. Aandike hata kama imetokea njiani, na anakili zile tarehe za kadi ya chanjo. Mchango wa ajali za kazini katika mfuko wa RSSB hulipwa na mwajiri, na ajali isiyoandikwa ni vigumu kuidai.

Pili, mjumbe apeleke tarehe hizo kwa mnyapara siku ya kwanza, si asubuhi ya sindano. Mnyapara akijua Jumatatu kwamba mchumaji atakosekana Alhamisi na Jumatatu, hupanga mistari ya shamba mapema. Akiambiwa Alhamisi saa moja asubuhi, hukasirika, na mchumaji huogopa akakaa kazini.

Tatu, katika mazungumzo na mwajiri tudai saa za kwenda kuchanjwa zihesabiwe kuwa za kazi. Kwa mchumaji wa kilo, tudai alipwe wastani wa kilo zake za siku za kawaida. Hesabu yake ni ndogo: siku mbili hadi nne baada ya ile ya kwanza. Mwajiri yeyote aweza kuilinganisha na gharama ya kumpoteza mchumaji mzoefu.

Na ikiwa sindano imekosekana kwa sababu yoyote, usikate tamaa na usione aibu. Nenda siku ya kwanza unayoweza. Chanjo huendelea pale ilipoachia, haianzi upya. Mganga atapanga tarehe zilizobaki. Hatari ni kuiacha kabisa.

Mambo ya kumweleza mwenzako aliyeumwa

Mwuguzi ana wagonjwa wengi, na mtu aliyetoka kuumwa husikia nusu ya maneno. Basi mmoja wetu amrudilie jioni nyumbani, amsomee kadi, na amwombe azitaje tarehe kwa kinywa chake. Asiyejua kusoma achorewe siku kwenye kalenda ya ukutani, au mtoto wa shule amkumbushe.

Ajue kwamba anaweza kula chakula chake cha kawaida na kufanya kazi. Ajue kwamba kidonda kikivimba, kikatoa usaha au akipata homa kali, arudi kituoni kabla ya tarehe yake. Na ajue kwamba chanjo haimpi kichaa. Wako watu wanaowatenga walioumwa, wasile nao wala wasilale nao nyumba moja. Mtu aliyeumwa na mbwa, ambaye hana dalili, hamwambukizi mtu yeyote.

Mbwa wa kazini

Kuchanja watu ni kuziba bomba huku tangi likivuja. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu duniani huupata kwa mbwa. Mbwa wakichanjwa, kiasi cha 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mfano tunao karibu. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Mwaka 2016 uliletwa tena kutoka nje ya kisiwa, ukauma watu tena. Wakarudi kuchanja kwa nguvu, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Ndipo tunaona kwamba yawezekana, na kwamba kuacha kuchanja ni kuufungulia mlango.

Basi tuanze na mbwa wanaotuhusu. Kiwanda chenye mbwa wa ulinzi kiwachanje kila mwaka, na cheti kitundikwe katika chumba cha walinzi, mahali mlinzi anapokiona. Nasi wenye mbwa nyumbani tuwapeleke siku ya chanjo ya sekta inapotangazwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mwenzetu ameumwa siku ya Jumatano na kuanza chanjo siku hiyohiyo. Taja siku ya 3 na siku ya 7 ni lini.

2. Mtoto amekwaruzwa na paka, ngozi haikutoa damu. Yumo katika fungu gani, na anahitaji nini?

3. Mwenye mbwa anasema, "Ngojeni siku 10, mbwa wangu akifa ndipo mwende hospitali." Mtamjibu nini?

4. Hapa kazini kwetu, sabuni na jerikani ya maji viko wapi saa kumi na mbili asubuhi, na nani ana ufunguo?

5. Nani kati yetu ataandika ajali katika daftari, na nani atamfikishia mnyapara tarehe za sindano?

Swali la nne na la tano lisijibiwe kwa maneno tu. Kikundi kiende mahali penyewe kikaangalie, na majina ya waliochaguliwa yaandikwe katika daftari la tawi.